Kiondo cha Zawadi: Namna ya Kukikagua

Kiondo cha katani humfaa mtu asiyependa plastiki wala vitu vya kurundikana nyumbani, mradi kichukue nafasi ya mifuko aliyo nayo, si kuongezwa juu yake. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, sokoni ilienea mifuko yenye sura ya kitambaa. Mingi kati yake ilikuwa ya polipropilini, yaani plastiki pia, kwa umbo jingine. Ujanja huo umeingia hata kwenye vyondo, na ndio unaopasa kuchunguzwa kwanza.

Kiondo kina nyuzi za aina mbili. Mtande husimama kutoka kitakoni hadi mdomoni. Mshindio huuzunguka na kuufunika. Mara nyingi mtande huwa katani halisi, ilhali mshindio wenye rangi za kuvutia ni sufu bandia ya kiwandani. Kwa hiyo muuzaji anayeonyesha ncha za katani mdomoni hajasema uongo, ila hajasema yote. Kwa ruhusa yake, unyuzi mdogo wa kila aina, na wa kila rangi, unyofolewe na kuchomwa kando. Katani huungua kama karatasi na kuacha majivu. Plastiki hujikunja, huyeyuka, kisha huganda kuwa kitone kigumu.

Baada ya hapo hutazamwa kitako, kwa kuwa ususi huanzia hapo na kasoro za hapo hazirekebishiki. Kadiri kitako kinavyopanuka, msusi huongeza nyuzi za mtande. Akichelewa kuziongeza, nafasi hubaki. Akiziongeza kwa pupa, kitako huvimba na kiondo huyumba kikiwekwa mezani. Kikiinuliwa kuelekea dirishani, mwanga usipenye kwa matundu makubwa. Uzi mwembamba uliosokotwa sawasawa huhitaji siku nyingi zaidi za kazi, na hiyo ndiyo sababu ya haki ya bei kupanda. Rangi peke yake si sababu. Kitambaa cheupe chenye maji kikisuguliwa juu yake na kutoka na doa, rangi hiyo itahamia kwenye nguo za mbebaji.

Vishikio ndivyo huharibika mapema. Ngozi iliyoshonwa ikapita safu kadhaa za ususi hushika vizuri kuliko iliyopigiliwa misumari ya chuma, ambayo hukata nyuzi. Tuseme kiondo kimetiwa kilo 4 za viazi na kuinuliwa kwa dakika moja: matundu ya mshono yakitanuka, kiachwe, hata kama ususi wake ni wa kupendeza.

Ukubwa upimwe kwa manunuzi ya kawaida ya mpokeaji. Karatasi ya kufungia haihitajiki. Maharage au kahawa ndani ya kiondo yatosha. Kikiloa, kianikwe kivulini hadi kikauke kabisa, kwani katani ikikaa na unyevu huota ukungu.