Saruji Aliyoichukua Mwenye Duka

Kipimo changu cha mtunza hesabu stadi ni namna anavyoandika kile ambacho mwenye duka amekipeleka nyumbani. Hapo ndipo kazi hii inaponipendeza kuliko popote.

Tuseme duka la vifaa vya ujenzi lilianza mwaka na mtaji wa shilingi 12,000,000, likapata faida ya 7,200,000. Mwenye duka alichukua taslimu 4,400,000 za ada na chakula, pamoja na saruji ya kujengea kwake iliyonunuliwa kwa 600,000. Hizo 5,000,000 si gharama za biashara. Zinakatwa moja kwa moja kwenye mtaji, unaobaki 14,200,000. Saruji inaandikwa kwa bei ya kununulia, kwa sababu mtu hawezi kujiuzia akapata faida.

Saruji hiyo isipoandikwa, siku ya kuhesabu mali mifuko itakuwa pungufu, nayo itahesabiwa kama iliyouzwa. Faida itasomeka 6,600,000. Ukitoa taslimu, mtaji bado unafika 14,200,000! Mizania inalingana, na kosa limejificha humo humo. Mwenye jicho huliona kwingine: faida ghafi katika kila shilingi mia za mauzo imeshuka, ilhali bei za kununua na kuuza hazikubadilika. Napenda sana ule utulivu wa mtu anayeona hivyo, akauliza kwa upole, "Mzee, mwaka huu ulikuwa unajenga?"

Duka hilo likisajiliwa kuwa kampuni, mali inakuwa ya kampuni, hata kama mwenye hisa karibu zote ni yule yule. Mtaji wa hisa unakaa pale pale kwenye 12,000,000. Faida haiuongezi, wala mkono wa mwenyewe hauupunguzi. Akifanya kazi analipwa mshahara, na huo ni gharama halali. Tuseme baada ya mshahara na kodi imebaki faida ya 3,000,000, likatangazwa na kulipwa gawio la 1,000,000. Zinazobaki 2,000,000 zinaingia katika limbikizo la faida, na haki ya wanahisa inakuwa 14,000,000.

Na saruji? Akiichukua bila kulipa, wala isihesabiwe kuwa mshahara au gawio, inaandikwa kama deni lake kwa kampuni. Mali imebadili sura tu, kutoka mifuko kuwa dai, limbikizo halikuguswa.

Wanahisa wapya huzitafuta zile 2,000,000 benki. Limbikizo linaeleza faida ambayo haikugawanywa, halisemi imekaa wapi. Pengine imeshakuwa mabati na nondo ghalani, na kampuni yenye limbikizo nono inaweza kukosa taslimu ya kulipa gawio mpaka mabati yale yauzwe.