Roho Tatu kwa Sarafu Moja

Kibandani kwetu Gerezani hakuna aliyesema "maisha". Tulisema roho. "Umebakiza roho ngapi?" lilikuwa swali la kawaida kama kuuliza saa, na jibu lake lilijulisha watoto waliopanga foleni nyuma yako kama wasubiri au waende kwanza wakale mihogo. Kibanda chenyewe kilikuwa uchochoroni nyuma ya Mtaa wa Lindi, ukitokea Kidongo Chekundu: mabati, benchi moja, televisheni moja ya nchi kumi na nne, na mashine ya kaseti, ile ya Kichina iliyoigiza Nintendo. Shilingi 50, gemu moja. Gemu moja maana yake mpaka maandishi GAME OVER yatokee. Kila mgogoro niliowahi kuuona pale ulihusu maandishi hayo.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita nilimaliza gemu ya kisasa ambayo haina gemu ova hata moja, mwanzo hadi mwisho. Nikajikuta nimekaa pale kitini bila furaha niliyoitegemea, nikajiuliza kimekosekana nini. Sitaki kuandika malalamiko ya mtu mzima kwamba gemu za zamani zilikuwa ngumu na watoto wa siku hizi wamedekezwa. Hoja hiyo ni nyepesi, na kwa kiasi kikubwa ni uongo. Kwanza tuulize zile roho ziliwekwa kwa kazi gani.

Ziliwekwa kwa kazi ya pesa. Mashine za sarafu za Marekani na Japani zilirithi hesabu hii kutoka kwa mashine za mpira wa chuma, zile ambazo sarafu yako inakununulia mipira mitatu au mitano na basi. Space Invaders ya mwaka 1978 ikaubadili mpira kuwa mzinga: mizinga mitatu, ikilipuka yote umekwisha. Mwenye baa alinunua mashine kwa pesa nyingi, na kila dakika ambayo mchezaji mmoja ameing'ang'ania ni dakika ambayo sarafu nyingine haiingii. Kwa hiyo ndani ya mashine, nyuma ya kifuniko chenye kufuli, kulikuwa na safu ya swichi ndogo. Mwenye mashine aliweza kuamua mwenyewe wateja wake wapewe roho ngapi, waongezewe nyingine wakifikisha pointi ngapi, na maadui wawe wakali kiasi gani. Yaani ile roho tatu uliyodhani ni kanuni ya mchezo, mara nyingi ilikuwa uamuzi wa mtu mwenye bisibisi.

Kuendelea kulikuja baadaye. Mwanzoni sarafu ya pili ilikurudisha mwanzo kabisa. Katikati ya miaka ya 1980 watengenezaji wakagundua kwamba mtu aliyefia mbali ana uchungu, na uchungu unauzika. Gauntlet ya mwaka 1985 ilifika mwisho wa mantiki hiyo: afya yako inapungua hata ukisimama bila kufanya kitu, na sarafu inaiongeza papo hapo. Nyingine zikaweka saa inayohesabu kurudi nyuma hadi sifuri huku zikikuonyesha picha ya aibu. Street Fighter II inakuonyesha uso wako mwenyewe umevimba. Unapewa sekunde chache za kupekua mfuko. Hapo ugumu uligeuka kuwa bei, kwa sababu mwenye sarafu za kutosha angefika mwisho hata kama hajui kitu.

Sasa turudi uchochoroni. Contra ilitoka kama mashine ya sarafu mwaka 1987, na Konami wakaileta nyumbani kwenye Nintendo mwaka 1988. Toleo la nyumbani halina tundu la sarafu. Umeshalipia kaseti, hakuna anayesubiri nyuma yako. Hata hivyo roho zilibaki: tatu, zimechorwa kama medali juu ya skrini. Risasi moja inatosha kukuua, na ukifa unapoteza bunduki uliyookota, hata ile ya herufi S inayotawanya risasi kama kipepeo. Medali zikiisha unaona CONTINUE na END, na unaruhusiwa kuendelea mara tatu, kila mara kutoka mwanzo wa hatua uliyofia. Piga hesabu: roho tatu mara nne, kumi na mbili, bila zile za kuzawadiwa, kwa hatua nane.

Kwa nini wazibakize? Mazoea ni sababu moja. Ya pili ni kwamba gemu ni fupi mno. Anayeijua Contra anaimaliza chini ya nusu saa. Roho ndizo zilizoifanya nusu saa hiyo idumu miezi, kwa kukurudisha kule msituni tena na tena mpaka mkono ujue wenyewe askari anatokea wapi. Ndiyo maana ile siri maarufu ya kwenye skrini ya kwanza (juu mara mbili, chini mara mbili, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A) ilikupa roho thelathini: bila hiyo wengi wasingeona hatua ya nne.

Braza mwenye kibanda aliichukia siri hiyo kwa moyo wote. Roho thelathini kwa shilingi 50 ni hasara ya mchana mzima. Alisimama nyuma yetu akiangalia vidole, na ukianza juu-juu anabonyeza RESET. Tulijifunza kuinama juu ya pedi kama mtu anayefunga kamba za viatu. Na CONTINUE, ambayo Konami waliitoa bure, yeye aliiuza: ukitaka kuendelea, shilingi 50 nyingine. Hakuwahi kuona mashine ya sarafu maishani mwake, nadhani, lakini kutokana na foleni tu na kodi ya fremu aliibuni upya, na swichi zake na saa yake. Umeme ukikatika katikati ya gemu, sheria yake ilikuwa moja: hakuna kurudishiwa.

Nilicheza na kaka yangu. Sarafu ilikuwa yake siku zote, mimi nilikuwa mkono wa pili. Na Contra ya watu wawili ina mambo mawili ambayo hakuna karatasi ya maelezo iliyotueleza. La kwanza ni hatua ya tatu, maporomoko ya maji. Hapo skrini inapanda badala ya kwenda mbele, na inamfuata aliye juu. Aliyebaki chini akimezwa na ukingo wa skrini, amekufa. Huna haja ya adui, mwenzako mwenye haraka anatosha. Jambo la pili ni kwamba roho zako zikiisha na mwenzako bado anazo, ukibonyeza A unakopa ya kwake. Haombwi, medali yake moja inahama tu.

Siku moja kaka alikuwa na S, bunduki ya kutupeleka mbali. Mimi nikaona kifurushi juu ya jabali, nikaruka, nikaruka tena. Nikasikia mlio wa kifo nyuma yangu. S imekwenda. Alirudi na bunduki ya kawaida, akafa tena haraka kwa hasira, kisha akabonyeza A bila kuniangalia. Hakusema kitu. Tulikufa wote wawili chini ya lile dude linalolinda mwisho wa hatua. CONTINUE, END. Braza akanyoosha kiganja. Kaka hakuwa na nyingine. Tulirudi nyumbani kila mtu upande wake wa barabara, na ninaweza kusema kwamba sijawahi kuhisi kifo cha kwenye gemu kama nilivyohisi kile, ambacho wala hakikuwa changu.

Baadaye ilikuja Pleistesheni, na kibanda kikabadilika bila mtu kutangaza. Mpira ukatawala. Ukifikiri kibiashara unaona kwa nini: mechi ina dakika zake, inaisha yenyewe, aliyefungwa anaamka. Refa anafanya kazi iliyofanywa na roho, tena bila ugomvi. Na kwa gemu za hadithi, kadi ya kuhifadhi ilimaliza habari. Kama unaweza kuhifadhi ulipofika, kupoteza roho ya mwisho ni usumbufu wa kuwasha upya tu, na gemu ya saa arobaini haihitaji kurefushwa kwa kukurudisha nyuma. Mario mwenyewe, bwana wa roho tatu, aliziacha katika Super Mario Odyssey ya mwaka 2017: ukifa unatozwa sarafu kumi, ambazo unaziokota tena hatua chache mbele. Crash Bandicoot 4 ya mwaka 2020 inakuuliza mwanzoni kama unataka roho za kizamani au kufa bila kikomo ukihesabiwa tu.

Nadhani walifanya sawa. Roho iliyopoteza kazi yake ni kodi ya nyumba iliyobomolewa. Na anayezililia kwa jina la ugumu acheze Celeste ya mwaka 2018, inayokuua mara mia kadhaa na kukurudisha mara moja palepale. Tena hazikufa kabisa, zilirudi zilikozaliwa. Panda mwendokasi pale kituo cha Gerezani uangalie simu za watu: Candy Crush inakupa roho tano, kila moja inarudi baada ya dakika thelathini, au ulipie. Ni kiganja cha braza kilekile.

Lakini gemu niliyoimaliza mwezi uliopita ilikuwa It Takes Two ya mwaka 2021, ya watu wawili tu, nzuri kwa kila kipimo. Nilicheza na mtoto wa kaka. Mmoja akifa anabonyezabonyeza na kurudi. Mkifa wote mnarudishwa nyuma kidogo. Tulisaidiana saa kumi na zaidi na hakuna wakati hata mmoja ambapo nilikuwa na kitu ambacho yeye amekikosa. Hatukuwa na hazina moja, kwa hiyo hapakuwa na cha kukopesha wala cha kuponza. Hicho ndicho kilichokosekana, na sijaona hao waliozifuta roho wakikitafutia mbadala.

Jumapili iliyofuata nikawasha Contra, ile iliyotolewa upya mwaka 2019 ndani ya Contra Anniversary Collection. Ina sehemu ya kuhifadhi, tukakubaliana kutoigusa. Nilimpa kaka pedi ya kwanza na mwanawe ya pili. Kwenye maporomoko mtoto alikuwa mbele, anaruka jabali hadi jabali. Nikasema, "Msubiri baba yako." Akasema, "Si atarudi tu, baba mdogo?" Kaka akamezwa na ukingo, roho yake ya mwisho. Akatulia kidogo, kidole gumba kikatafuta A.

"Baba! Hiyo ilikuwa ya kwangu!"