Roboti mwenye ufunguo wa nyumba nzima

Machi 14, 2025, kampuni ya usalama ya StepSecurity iligundua jambo lisilo la kawaida kwenye GitHub. Kipande kidogo cha programu kinachoitwa `tj-actions/changed-files`, ambacho kazi yake ni kuorodhesha mafaili yaliyobadilishwa, kilikuwa kinawasiliana na anwani ya mtandao ambayo hakikuwahi kuihitaji. Kutoka huko kilikuwa kinavuta hati ya Python inayopekua kumbukumbu ya mashine inayoendesha kazi, kisha siri zilizomo zinachotwa na kuandikwa kwenye logi. Kama mradi ni wa wazi, logi hiyo inasomwa na mtu yeyote. Hazina za msimbo zaidi ya 23,000 zilikuwa zikitumia kipande hicho.

Msimbo huo wa uovu uliingizwa kwa ufunguo wa roboti. Mradi ulikuwa na akaunti ya pamoja, `tj-actions-bot`, ya kufanya kazi za kujirudia: kusasisha matoleo, kuweka lebo na kusukuma mabadiliko. Aliyeipata tokeni yake alizihamisha karibu lebo zote za matoleo, za zamani na mpya, zikaelekea kwenye badiliko moja lenye sumu. Aliyeandika `@v45` kwenye mradi wake alidhani anatumia toleo alilolizoea, kumbe lebo ilishahamishiwa kwingine.

Swali la kwanza ambalo wengi huuliza ni kama akaunti ile ilikuwa na uthibitishaji wa hatua mbili. Ni swali zuri, lakini jibu lake lisingezuia shambulio hili. Tarakimu sita za kwenye simu huombwa pale mtu anapoingia kwa jina na nenosiri. Roboti haingii hivyo. Huonyesha tokeni, yaani mfuatano mrefu wa herufi uliotengenezwa na mtu ambaye alikwisha kuingia, na GitHub haiulizi kitu kingine. Kila tokeni ni mlango wa pili wa nyumba ileile, na mlango huo hauna mlinzi.

Basi tokeni ilitokaje? Wachunguzi, wakiwemo wa Wiz na Unit 42, waliifuata nyuma hadi Machi 11, siku 3 kabla. Siku hiyo kipande kingine, `reviewdog/action-setup`, kilichafuliwa kwa muda mfupi. Mradi wa tj-actions ulikuwa unakitumia, kupitia kipande cha katikati, katika kazi ya kukagua mtindo wa msimbo. Kazi hiyo ilipokimbia, tokeni ya roboti ilikuwemo kwenye mashine ileile, ikachotwa.

Kiini cha kosa ni hapo. Kukagua kama mabano yamefungwa hakuhitaji uwezo wa kuandika chochote. Lakini kwa kuwa roboti alikuwa na ufunguo mmoja wa kazi zote, ufunguo ule ulipelekwa hata mahali ambapo kusoma tu kungetosha.

Baada ya tukio, GitHub iliifuta tokeni iliyoibwa, na msimamizi wa mradi akaeleza hatua zake: nenosiri la roboti lilibadilishwa, njia ya kuingia ikawa ufunguo unaokaa ndani ya kifaa, na ruhusa za akaunti zikapunguzwa hadi kiwango cha lazima. Tuziangalie hatua hizo kwa timu ya watu 3 yenye roboti mmoja anayekagua msimbo na kutoa matoleo.

Kwanza, mlango wa watu. Kikwazo cha akaunti ya pamoja ni kwamba simu ni ya mtu mmoja. Timu nyingi hutatua hili kwa wote kupiga picha ya mraba uleule wa QR, ili kila simu itoe tarakimu zilezile. Inafanya kazi, lakini mraba ule ndiyo siri yenyewe. Mmoja akiondoka kazini huondoka nayo, na lazima siri ibadilishwe kwa wote waliobaki. Afadhali kila mmoja asajili ufunguo wake wa USB kwenye akaunti ya roboti. Anayeondoka, ufunguo wake peke yake ndio unaofutwa. Namba za dharura nazo zichapishwe na kufungiwa kabatini, zisikae kwenye barua pepe ya mtu mmoja.

Pili, funguo tofauti. Kazi ya kukagua isipewe tokeni ya roboti kabisa. GitHub yenyewe hutengeneza tokeni ya muda, `GITHUB_TOKEN`, kwa kila kazi inayokimbia, na hufa kazi inapokwisha. Unachotakiwa ni kuibana:

```yaml
permissions:
  contents: read
```

Mistari hiyo miwili ikiwekwa juu ya faili, ruhusa ya kusoma msimbo inabaki, na nyingine zote ambazo hazikutajwa zinafungwa. Kazi ya kutoa toleo ndiyo pekee inayopewa tokeni yenye uwezo wa kuandika, na iwe kwenye faili lake, isikimbie pamoja na vipande vya watu wengine.

Tatu, mipaka ya tokeni hiyo. Kwenye ukurasa wa mipangilio kuna aina mbili. Ile ya `Tokens (classic)`, ukiipa ruhusa ya `repo`, hufungua kila hazina ambayo akaunti inaifikia. Ile ya `Fine-grained tokens` hukulazimisha uchague hazina zipi na kwa uwezo gani. Kwa roboti wetu: hazina 1, `Contents` kusoma na kuandika, mwisho wa matumizi siku 90.

Hata hivyo, tokeni hiyo iliyobanwa bado inaweza kuhamisha lebo, kwa sababu kuhamisha lebo ni kuandika. Hivyo ruhusa ndogo peke yake isingeizuia Machi 14. Inayozuia ni kanuni ya hazina inayokataza lebo iliyokwisha kutolewa kubadilishwa au kufutwa, na jina la roboti lisiwe kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuiruka. Upande wa pili, anayetumia vipande vya wengine asitegemee lebo. Aandike utambulisho kamili wa badiliko, herufi 40, ambao hauwezi kuhamishwa. Waliofanya hivyo kwa badiliko safi hawakuguswa.

Ushahidi kwamba muda mfupi wa tokeni una maana ulipatikana kwenye shambulio hilohilo. Kampuni ya Endor Labs ilipochambua logi za hazina za wazi, ilikuta 218 zilizovujisha siri, na sehemu kubwa ya siri hizo ilikuwa `GITHUB_TOKEN`. Kazi ilipokwisha, zilikuwa zimekufa. Waliobaki hatarini ni wale ambao kwenye logi zao zilionekana funguo za muda mrefu: za huduma za wingu, za hifadhi ya picha za kontena, za kuchapisha programu.

Ukitaka kubadilisha ufunguo wa roboti wako bila kusimamisha kazi, tengeneza mpya kwanza, uuweke kwenye kazi moja inayouhitaji, kisha subiri. Usifute wa zamani siku hiyo. Ukurasa wa tokeni huonyesha kila moja ilitumika mara ya mwisho lini. Kama baada ya wiki moja ile ya zamani imelala, ifute. Kama bado inatumika, kuna mahali mmesahau kwamba iko, na mahali hapo ndipo pa kuanza kutafuta.