Baada ya Barakoa Nyeupe

Sinema ya Coded Bias ya Shalini Kantayya, iliyotoka 2020, nimeitazama mara mbili hapa Kisumu. Watu huikumbuka kwa ile barakoa: Joy Buolamwini, msomi mwenye asili ya Ghana, ameketi mbele ya kompyuta, na programu haiuoni uso wake mweusi mpaka avae barakoa nyeupe. Picha kali hiyo. Lakini sisi wa ziwani inatupoteza njia.

Inatufundisha kuogopa kutoonekana, ilhali kosa la kuogopwa ni kuonekana kama mtu mwingine. Kamera ya polisi huulinganisha uso wako na orodha ya wanaosakwa, kisha hutoa alama ya kufanana. Alama ikipita kiwango kilichowekwa, askari anaitwa. Utafiti wa 2018 wa Buolamwini na Timnit Gebru, ambao ndio uti wa mgongo wa sinema, haukupima hilo. Ulipima programu zinazobashiri kama uso ni wa mwanamume au mwanamke. Sinema inaruka kutoka hapo hadi mitaa ya London kana kwamba kipimo ni kilekile.

Kinachotuhusu kilitolewa Desemba 2019 na NIST, taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani. Katika programu nyingi, kosa la kudhani watu wawili ni mmoja lilizidi kwa watu wa Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na Asia Mashariki, mara 10 hata 100 kuliko kwa watu wa Ulaya Mashariki. Hebu tupige hesabu ya mfano. Kiwango kimewekwa ng'ambo ili akosewe mzungu mmoja kati ya 10,000. Kamera ikaletwa Kondele bila kurekebishwa, wakapita watu 20,000. Badala ya wawili kushikwa bure, watakuwa 20, au hata 200.

Sehemu bora ya sinema ni ile ya mvulana wa miaka 14, mweusi, aliyezuiwa London na askari wasio na sare kwa sababu kamera ilimfananisha. Walimwachilia. Waliokuwa Kondele Agosti 2017 wanajua kwamba hapa mambo huenda yasiishie hapo.

Basi programu irekebishwe? Sawa, lakini Kampala, baada ya maandamano ya Novemba 2020, polisi wenyewe walisema walitumia kamera kuwasaka washukiwa. Kwa muandamanaji, kamera isiyokosea ndiyo mbaya zaidi, na hilo sinema inalitazama China tu. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu alama za mwili kuwa taarifa nyeti, halafu inaacha mlango wazi kwa usalama wa taifa. Sinema ya Kampala ningelipa kuiona.