Unajifanya Mwanasheria?

Mwaka jana nilimsindikiza khaleti yangu kwenye ofisi moja hapa kisiwani kufuatilia cheti. Siitaji ofisi, maana hata nikiitaja wewe unayo yako. Tulitoka Mji wa Kale saa moja asubuhi, tukapita Ndia Kuu maduka bado yamefungwa, tukapanga foleni. Zamu yetu ilipofika saa tano, karani alitaka barua nyingine ambayo mara ya kwanza haikutajwa. Nikamuuliza kwa adabu zangu zote: samahani, sheria inayodai barua hii imeandikwa wapi, tuisome tusije tukarudi tena bure? Alininyanyulia macho, akaniuliza, "Unajifanya mwanasheria?" Foleni nzima ikacheka. Khaleti akanikanyaga mguu.

Njiani kurudi nilikuwa nimevimba kwa hasira, halafu nikajikuta nacheka peke yangu. Nimelikumbuka swali lile. Nimeshalisoma mahali, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1951.

Kitabu ni Kusadikika cha Shaaban Robert. Wengi wetu tulikutana nacho shuleni, tukakariri maudhui na wahusika, mtihani ukaisha na kitabu kikaishia uvunguni. Nakuomba ukitoe. Kusadikika ni nchi iliyo angani, ambayo hakuna aliyewahi kuikanyaga. Ina mfalme na ina mawaziri. Waziri mmoja, Majivuno, anamshtaki kijana aitwaye Karama. Kosa lake? Hakuiba wala hakuua. Eti ameanza kufundisha watu uanasheria. Anawafundisha namna ya kusimama mbele ya baraza na kujenga hoja, na kwa Majivuno hiyo ni hatari kwa dola.

Tulia kidogo hapo, kwa sababu kejeli yote ya kitabu imelala hapo. Dola inayojiamini ingemshtaki Karama kwa kuvunja sheria. Kusadikika inamshtaki kwa kutaka sheria ijulikane. Raia akishajua utaratibu, yule anayeula utaratibu huo kama mali yake binafsi anabaki hana kitu. Ndiyo maana karani wetu hakukasirika nilipoonekana simjui mtu. Alikasirika nilipouliza imeandikwa wapi.

Karama naye anajitetea kwa namna ya ajabu. Hasemi sana habari zake. Anawasimulia kisa cha wajumbe sita ambao nchi yenyewe iliwatuma zamani. Buruhani alikwenda mashariki, Fadhili kaskazini, Kabuli magharibi, Auni kusini, Ridhaa mbinguni, na Amini akashushwa ardhini. Kila mmoja alitoka, akaona wenzetu wanavyoishi, akapata tabu za njiani, akarudi na habari ya kuifaa nchi. Na kila mmoja, alipokwisha kuitoa habari hiyo, alilipwa gereza.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu atakwambia kitabu kinajirudia, na hakosei. Ukifika kwa mjumbe wa nne unajua mwisho kabla hujafungua ukurasa. Zamani niliona huo ni udhaifu wa mwandishi. Siku hizi naona ndipo alipowashika pabaya. Angemtuma mjumbe mmoja tu akafungwa, tungesema basi, ni mkosi, au mfalme aliamka vibaya. Wawili, tungesema ni bahati mbaya. Sita si bahati tena, ni kazi ya ofisi. Nchi inatuma, inapokea ripoti, inamfunga aliyeileta, kisha inatuma mwingine kama kwamba haijawahi kusikia kitu. Ile hali ya kuchoka unayoipata ukisoma ndiyo ile ile ya benchi la ofisi.

Sasa jiulize nani aliyeandika haya. Shaaban Robert alikuwa karani. Aliingia idara ya forodha ya Tanganyika ya Waingereza mwaka 1926, akakaa humo hadi 1944, na baada ya hapo akaendelea na utumishi wa serikali katika idara nyingine. Kitabu kilipotoka, bado alikuwa anakula mshahara wa serikali ile ile. Huyu hakuwa mtu wa nje anayechungulia dirishani. Maisha yake yote ya utu uzima yalikuwa upande wa pili wa dirisha. Lakini, cha ajabu, katika kitabu chake sikukutana na karani hata mmoja mwenye jina. Wanaosema ni wakubwa. Sijui kama alikuwa anawasitiri wenzake au alijua kwamba karani hatungi utaratibu, anaupokea tu na kuugeuza ngao. Mimi nadhani ni hilo la pili, ingawa siku ile dirishani nisingelikubali.

Na kwa sisi wa Mombasa kuna jambo jingine la kukumbuka. Mwaka 1951, Ngome ilikuwa bado ni jela. Waingereza waliifanya gereza mwaka 1895 na haikuacha kuwa gereza hadi 1958. Leo tunapiga picha pale, watalii wanakata tikiti, watoto wanauza maji nje. Lakini aliyekisoma Kusadikika kikiwa kipya, hapa mjini, angeweza kukifunga kitabu, akatoka nje na kuliona boma lenye watu ndani. Nchi iko angani, sawa, lakini jela yake ungeweza kuifikia kwa miguu.

Wapo wanaosema fumbo ni uoga. Mtu na aseme waziwazi! Hoja hii hapa kwetu ina jibu lake, na jibu lina jina. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, mwaka 1968 aliandika waraka wenye swali Kenya: Twendapi? Hakuipeleka nchi angani, aliitaja. Akashtakiwa kwa uchochezi, akafungwa, akatoka mwaka 1972. Mashairi aliyoyaandika gerezani ndiyo yaliyotoka mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki, na humo limo shairi la Mamba, la mnyama mwenye kiburi cha nguvu zake. Angalia mfuatano: kwanza alitaja jina, kisha gereza, kisha mamba. Ni mtu aliyeshathibitisha kwamba haogopi kusema, na bado akachagua fumbo. Kwa hiyo uoga hauwezi kuwa maelezo yote.

Maelezo mengine nayapata nikikilinganisha na Kigogo cha Pauline Kea, kitabu ambacho wenzangu wengi waliufanyia mtihani wa kidato cha nne. Ukumbuke Sagamoyo, Majoka, soko la Chapakazi lililofungwa. Ni tamthilia tamu, na darasani kwetu kila mtu alikuwa na mchezo mmoja: Majoka ni nani? Huyu alisema ni kiongozi fulani, yule akasema la, ni mwingine. Tulibishana hadi kengele. Mchezo ule una raha yake, lakini una hasara moja. Ukishampata mtu wako unatulia. Siku mtu huyo akiondoka madarakani, unaweza kufikiri kitabu nacho kimemaliza kazi. Kosa ni letu wasomaji kuliko la Kea, ila ule mlango yeye aliuacha wazi.

Kwa Majivuno mchezo huo hauendi popote. Jina lake ni tabia tu, wala hana sura, hana kabila, hana hata kilemba cha kumtambulia. Wahakiki wamelalamika kwamba wahusika wa Shaaban Robert ni vibandiko vinavyotembea, na kama unatafuta watu wa kuwapenda au kuwachukia, lalamiko ni la haki. Ila kwa kuwa hakuna mtu wa kumtafuta, jicho lako linabaki kwenye mwendo wa mambo: tuma, pokea, fungia. Na mwendo huo haufi na mtu.

Jaribu kuutumia hapa. Mwaka 2004 tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u ilikabidhi ripoti juu ya ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria nchini. Mwaka 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ya kwake, yenye mabuku kadhaa, na makamishna wake watatu wa kigeni wakaandika kuipinga sura ya ardhi kwa sababu ilibadilishwa dakika za mwisho. Mtu wa Pwani anayesikia neno ardhi hahitaji maelezo. Hakuna kamishna aliyetupwa Ngomeni, na hapo ndipo fumbo la 1951 linapopishana na sisi. Kusadikika inamfunga mjumbe. Sisi mjumbe tunamshukuru, tunampiga picha akikabidhi, kisha tunaifunga ripoti. Shaaban Robert hakuifikiria njia hiyo, na nakiri ni ya ustadi zaidi. Mjumbe akiwa gerezani watu huuliza yuko wapi. Ripoti ikiwa kabatini nani ataiulizia?

Pale kitabu kinaponishinda ni mwisho. Baada ya yote, hoja za Karama zinasikilizwa. Anaachiliwa, wale sita wanatolewa, nchi inakubali kurekebishika. Mfalme ameelewa, kwisha. Nimeusoma mwisho huu mara tatu na kila mara nasikia sauti ya karani mwema, anayeamini kwamba waraka ukiandikwa vizuri, ukapita kwa mkubwa anayehusika, utatendewa kazi. Baada ya kutuonyesha mara sita kwamba nchi hii haifungwi macho kwa kukosa habari, anatuambia kilichokosekana ilikuwa habari iliyopangwa vizuri. Hapana, Sheikh Shaaban. Hapo sikufuati.

Juzi nilimsimulia khaleti kisa chote, tumekaa barazani baada ya alasiri, kahawa inapita. Alisikiliza kimya kuliko nilivyotarajia, maana si mtu wa vitabu. Nilipofika kwenye kuachiliwa, akanikatiza.

"Hao sita, waliporudi kwao, miaka yao walirudishiwa?"

Nikamwambia kitabu hakiishughulikii.

"Haya," akasema, akachukua simu kuangalia tarehe. "Jumatatu twende mapema. Na wewe safari hii usiulize kitu."