Neno Lililopotoka Katika Ubeti: Kusahihisha Video Iliyokwisha Kurushwa

Video kuhusu vita vya Bushiri, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889, inaweza kuwa na mahali pa kusomea beti za Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy. Tuseme msomaji, katika dakika ya 4:12, anatamka “Wajerumani” palipoandikwa “Wadachi”. Maana haijapotea, lakini mshororo wa utenzi hubeba mizani 8. Wa-da-chi ni mizani 3, Wa-je-ru-ma-ni ni 5, na mshororo umevimba hadi 10. Msikilizaji aliyezoea tenzi hujikwaa hapo hapo, hata kama hana kitabu mkononi.

Si kila kosa hujitaja hivyo. Neno la katikati likibadilishwa kwa jingine lenye mizani ileile, vina havitikisiki, na ni chapa pekee itakayolifichua. Ndiyo maana malalamiko ya mtazamaji yapimwe kwanza kwa chapa aliyoihariri J. W. T. Allen. Tenzi za zama hizo ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo kwa kawaida hazikutenganisha vizuri e na i, wala o na u. Kwa hiyo tofauti nyingine ni usomaji wa pili unaokubalika, na kuuita kosa ni kukosea mara ya pili.

Kosa likithibitika, maoni ya kubandikwa juu yaandikwe siku hiyohiyo, kabla ya kurekodi upya: “Sahihisho, 4:12. Tumesoma ‘Wajerumani’, utenzi unasema ‘Wadachi’.” Kisha itajwe namba ya ubeti na chapa iliyotumika. “Samahani kwa kosa dogo” haimsaidii mwanafunzi aliyekwisha kunakili ubeti daftarini. Hata hivyo, maoni hayo hayamfikii anayesikiliza tu bila kuyafungua, wala aliyetumiwa video yenyewe kwa WhatsApp.

YouTube hairuhusu kubadilisha faili na kubakiza kiungo kilekile. Kihariri chake kinaweza kukata kipande, lakini hakiingizi sauti uliyoirekodi upya. Ukikata mshororo mmoja, ubeti unabaki na mitatu, yaani umeharibika zaidi. Kama ubeti hauhitajiki, ukatwe wote. Kama ndio moyo wa simulizi, hakuna njia ila kupakia upya.

Katika kurekodi upya usomwe ubeti mzima. Neno moja lililopachikwa hujulikana kwa pumzi na mahadhi yasiyolingana na jirani zake. Video mpya hupata kiungo kipya na huanza bila watazamaji wala maoni, na hapo ndipo wengi hushawishika kuifuta ya zamani. Ikifutwa, viungo vilivyosambazwa vinakufa, na sahihisho linakufa navyo. Ni bora iwekwe `Unlisted`: haitokei tena katika utafutaji, lakini mwenye kiungo cha zamani bado anaifungua na kukuta, juu ya maoni yote, sahihisho pamoja na kiungo cha toleo jipya.