Neno "Anua"

Msimu wa embe uliopita nilikaa Kibirizi asubuhi nzima nikimtazama binamu yangu akigeuza dagaa juani huku akimwandikia binti mmoja wa Ujiji. Alikuwa amemsalimu. Jibu likaja: emoji moja ya tabasamu, basi.

Hapo ndipo wengi huharibu. Hurundika salamu juu ya salamu: umeamkaje, umekula, mbona kimya. Maswali hayo jibu lake ni "poa" tu. Binamu hakuongeza kitu mpaka alipopata la kusema. Saa sita wingu likatanda juu ya ziwa. Akalipiga picha pamoja na dagaa wake, akaandika: "Nianue au nisubiri?"

"Anua."

Neno moja tena. Mimi ningenuna, yeye alicheka. "Kaka, hiyo ni amri. Ameshaingia kazini." Kweli, "poa" hutumwa kwa yeyote, lakini "anua" lilikuwa la dagaa wale wale. Akaanua (hapo huwezi kudanganya), akatuma picha ya magunia: "Nimekutii. Huko kwenu imenyesha?" Kisha simu mfukoni. Jioni ndipo jibu lilipokuja: "Imenyesha. Embe zimedondoka uani, watoto wanagombania." Habari ya embe hakuwa ameulizwa. Usiku ule hakumfukuzia tena. Embe alimwachia kesho.

Wazazi wetu walikuwa na subira hiyo bila kufundishwa. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa miaka mingi barua ya mchumba ilikwenda na kurudi kwa mwendo wa treni. Kimya cha wiki mbili hakikuwa dharau. Siku hizi tiki mbili za bluu zikikaa dakika kumi, mtu anaona ametukanwa.

Lakini binamu alijua pia kuacha. Kabla ya huyo kulikuwa na mwingine aliyemjibu "ee", "sawa", kisha kidole gumba. Hilo lisingemsumbua. Kilichomwambia ukweli ni kwamba mara tatu alimpa jambo la kushika, asishike hata moja, wala hakuwahi kurudi mwenyewe na swali, hata baada ya siku. Akanyamaza bila lawama. Wavuvi wetu wanalijua hilo: mwezi ukiwa mpevu taa haivuti dagaa, mitumbwi hupumzika ufukweni.

Juzi mpwa wangu alinijia Ujiji, uso umemshuka. "Mjomba, kuna binti ananijibu emoji tu. Nimwandikie nini?" Nikamuuliza binti yule mara ya mwisho alimsimulia nini. Akaanza kupandisha kidole kwenye kioo, juu, juu zaidi. "Mambo." "Vipi." "Mbona kimya?" Alama tatu za kuuliza. Zote zake. Huko juu kabisa, wiki tatu nyuma, binti alikuwa ameandika kwamba anaanza mtihani Jumatatu. Chini yake mpwa wangu alijibu: "Poa."